Mkataba wa Usiri: Kinachomfunga Frilansa na Kinachobaki Chake

Mkataba wa usiri ni makubaliano ambayo kwayo mtu anayeonyeshwa taarifa za mwenzake anaahidi mambo mawili: kutozitoa kwa wengine, na kutozitumia kwa shughuli yoyote isipokuwa ile iliyotajwa katika mkataba. Mfanyakazi wa kujitegemea, au frilansa kama anavyoitwa mjini, hukutana nao mapema sana, mara nyingi kabla hajaambiwa kazi yenyewe ni ipi. Mteja hutuma faili lenye herufi NDA, kurasa mbili au kumi, na kuomba sahihi leo hii ili mazungumzo yaendelee. Wengi husaini bila kusoma. Baadaye wapo wanaoamini kwamba hawawezi tena kusema lolote wala kumfanyia kazi mtu mwingine, na wapo wanaoichukulia karatasi hiyo kuwa desturi tu. Makundi yote mawili hukosea, na kosa huanzia kwenye swali moja: siri ni kitu gani?

Ahadi ya pili, ile ya matumizi, ndiyo inayosahaulika zaidi. Frilansa anaweza kukaa kimya kabisa na bado akavunja mkataba. Akichukua orodha ya wateja aliyopewa ili atengeneze kalenda ya matangazo, kisha akaitumia kujitafutia kazi, hakumwambia mtu yeyote siri, lakini ameitumia nje ya lengo. Ndiyo maana sentensi fupi inayotaja lengo la kupewa taarifa, kwa kawaida mwanzoni kabisa mwa mkataba, inastahili kusomwa mara mbili. Lengo likiandikwa kwa ufinyu mno, kwa mfano “kutathmini uwezekano wa kufanya kazi pamoja”, basi hata kuifanya kazi yenyewe hakumo ndani yake, na itabidi lengo lipanuliwe kazi inapoanza.

Juu ya maana ya siri, mahakama za Kenya na Tanzania husikiliza sana hukumu za Uingereza, ingawa haziwafungi majaji wake. Iliyo maarufu ni ya mwaka 1968, baina ya mbunifu aitwaye Coco na kampuni ya uhandisi ya Clark. Coco alikuwa amebuni pikipiki ndogo yenye kanyagio. Akaipelekea kampuni michoro na vipuri, wakazungumza kwa miezi kadhaa juu ya kuiunda, kisha kampuni ikajitoa na baadaye ikatoa pikipiki yake yenyewe, iliyofanana na ya Coco hasa kwenye injini. Hapakuwa na mkataba wowote uliosainiwa. Jaji Megarry aliweka masharti matatu ambayo hadi leo wanasheria huyakariri: taarifa yenyewe iwe na sifa ya kuwa siri, iwe imetolewa katika mazingira yanayomwajibisha mpokeaji kuitunza, na iwe imetumika bila idhini kwa madhara ya mwenyewe.

Sharti la pili Coco alilitimiza bila shida, maana kila mtu mwenye akili timamu angejua kwamba michoro ile haikutolewa ili ichezewe. Alikwama kwenye la kwanza na la tatu. Hakuweza kumwonyesha jaji waziwazi ni sehemu gani ya injini iliyokuwa yake peke yake na haikuwa ikijulikana kwa mafundi wengine, wala kwamba hasa hiyo ndiyo iliyochukuliwa. Ombi lake la zuio la muda likakataliwa. Alichopata wakati ule ni ahadi ya kampuni kuweka shilingi 5 za Kiingereza kwa kila injini katika akaunti ya pamoja hadi kesi ya msingi iamuliwe.

Kesi hiyo inamfundisha frilansa mambo mawili. La kwanza, wajibu wa kutunza siri unaweza kuwepo hata bila karatasi, hivyo asiyesaini hayuko huru moja kwa moja. La pili, karatasi haigeuzi jambo linalojulikana na watu wote kuwa siri. Mkataba unaosema “taarifa zote, za aina yoyote, zitakazotolewa wakati wowote” unatisha kwa macho, lakini mwenye madai bado atatakiwa kuonyesha kidole: taarifa hii, iliyokuwa ndani ya faili hili, iliyotumwa siku hii.

Kwa sababu hiyo mkataba ulioandikwa vizuri hutaja siri kwa aina zake. Hutaja bei, orodha za wateja na mawakala, michoro, msimbo wa programu, mipango ya bidhaa ambayo haijatoka, na takwimu za mauzo. Mingine hudai kila waraka wa siri ugongwe muhuri au uandikwe neno “Siri” juu yake, na yale yanayosemwa kwa mdomo yathibitishwe kwa maandishi ndani ya siku kadhaa, mara nyingi 30. Kwa frilansa utaratibu huo ni nafuu kubwa, kwa kuwa mpaka unaonekana. Mteja akikataa kuuweka, angalau aombwe kuongeza maneno haya: taarifa ambazo mtu makini angezitambua kuwa ni siri kutokana na aina yake au jinsi zilivyotolewa.

Baada ya maelezo ya siri hufuata orodha ya yasiyohesabiwa kuwa siri. Kwa frilansa huenda hii ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote, na mkataba usiokuwa nayo haufai kusainiwa kabla haijaongezwa. Kwa kawaida zinatajwa hali nne. Taarifa si siri ikiwa iko hadharani, au ikatoka hadharani baadaye bila kosa la mpokeaji. Si siri ikiwa mpokeaji alikuwa nayo kabla hajapewa. Si siri ikiwa aliipata kihalali kwa mtu wa tatu asiyekuwa na wajibu wa kuificha. Na si siri ikiwa aliibuni mwenyewe bila kutumia alichopewa.

Kwa maneno hali hizi ni rahisi. Ugumu uko kwenye ushahidi. Mikataba mingi huweka mzigo wa kuthibitisha kwa mpokeaji, tena “kwa maandishi”. Frilansa anayesema alikuwa na wazo hilo tangu mwaka jana ataulizwa liko wapi. Hapo kinachosaidia ni barua pepe ya zamani, faili lenye tarehe ya kuhifadhiwa, ankara ya kazi nyingine ya aina hiyohiyo, au daftari lenye tarehe. Wazoefu huambatisha kwenye mkataba ukurasa mmoja unaoorodhesha walivyo navyo tayari: vipande vya msimbo wanavyovitumia kwa kila mteja, violezo vyao vya usanifu, njia yao ya kupanga kazi. Ukurasa huo huandikwa kwa nusu saa, na unamaliza ubishi ambao vinginevyo ungebaki kuwa neno la mmoja dhidi ya la mwingine. Kosa la kuepuka ni kuandika humo siri ya mteja mwingine, kwani orodha ya kujilinda inaweza yenyewe kuwa uvunjaji wa mkataba uliotangulia.

Namna mambo haya yanavyofanya kazi inaonekana vizuri kwa mfano. Mbunifu wa vifungashio aliyeko Dar es Salaam anapewa kazi na kiwanda kidogo cha Tanga kinachotaka kuuza juisi ya ukwaju katika pakiti laini zenye mdomo wa kufungulia. Anasaini mkataba wa usiri wa miaka 2. Kiwanda kinamtumia jina la bidhaa na tarehe ya kuizindua, orodha ya mawakala pamoja na bei ya jumla ya kila mmoja, fomyula ya juisi ili aandike lebo, na bei maalumu ambayo kiwanda cha uchapaji kimewakubalia kwa kila pakiti elfu.

Siku anazifanyia kazi, vyote vinne ni siri. Kadiri miezi inavyopita vinaachana njia. Juisi ikishaingia madukani, jina na tarehe vinakuwa mali ya macho ya kila mnunuzi, na wajibu juu yake unakwisha wenyewe. Fomyula inagawanyika. Orodha ya viambato imechapwa mgongoni mwa pakiti kwa hiyo si siri tena, lakini uwiano wake, yaani ukwaju kiasi gani kwa sukari kiasi gani na kwa maji kiasi gani, haukuchapwa popote, hivyo unabaki umefungwa. Bei za mawakala zinabaki siri hata kama kila wakala anaijua ya kwake, maana hakuna kati yao anayezijua zote. Bei ya mchapaji vilevile. Jina la mchapaji, kwa upande mwingine, liko kwenye mabango yake barabarani, na hakuna mkataba wa kawaida unaoweza kumzuia mbunifu kulijua.

Baada ya miezi sita kiwanda cha juisi ya ubuyu kinamwita mbunifu huyohuyo. Je, aende? Mkataba wa usiri peke yake haumkatazi. Anaweza kutengeneza pakiti laini nyingine yenye mdomo, kwa kuwa aina hiyo ya pakiti imejaa kwenye rafu za maduka. Anaweza kutumia ujuzi alioupata wa kuandaa faili la kuchapa, kuacha milimita 3 za ziada pembeni ili kisu kisikate picha, na kuchagua rangi zisizofifia juu ya plastiki. Anaweza hata kwenda kwa mchapaji yuleyule. Asichoweza ni kumwambia mteja mpya, “Mwambie akupunguzie, Tanga wanalipa kiasi hiki.” Wala hawezi kumpendekezea mawakala akiwa ameyatoa majina yao kwenye lile jedwali. Akiyapata kwa kuzunguka Kariakoo na kuuliza dukani, ni yake. Lakini itakuwa busara aweke kumbukumbu ya mzunguko huo.

Tofauti kati ya siri ya mteja na ujuzi wa mfanyakazi ni mpaka wa zamani katika sheria, na kuku ndio waliouweka wazi. Katikati ya miaka ya 1980 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya kampuni ya Faccenda, iliyokuwa ikiuza kuku kwa magari yenye majokofu. Meneja wake wa mauzo, Fowler, aliacha kazi akaanzisha biashara kama hiyo katika eneo lilelile. Kampuni ikalalamika kwamba ametumia majina ya wateja, njia za kupita magari, siku za kupeleka mzigo na bei. Mahakama ilikataa madai hayo. Ilisema kwamba aliyekwisha ondoka kazini huzuiwa kutumia siri za biashara za kweli, si kila jambo lililomkaa kichwani kutokana na kazi ya kila siku. Frilansa asiichukue hukumu hii kuwa ruhusa kamili, kwa sababu Fowler hakuwa amesaini kifungu cha kumzuia, na mkataba ulioandikwa unaweza kuzilinda bei na orodha kwa jina. Hata hivyo msingi wake umebaki: ujuzi wa jumla ni wa mwenye mikono.

Ndiyo maana mteja anayetaka frilansa asiwafanyie kazi washindani huhitaji kifungu kingine, cha kuzuia ushindani. Kifungu hicho hakipaswi kuingizwa kimyakimya ndani ya mkataba wa usiri, ingawa huingizwa mara kwa mara, kwa kawaida karibu na ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa kama “Mengineyo”. Nchini Kenya ipo sheria mahususi ya mikataba inayozuia biashara, inayompa jaji uwezo wa kukitupa kifungu kisicho cha haki, akiangalia muda, eneo na aina ya shughuli. Lakini kutegemea mahakama ikitupe ni njia ndefu na ya gharama. Kukiona kabla ya kusaini na kuomba kifutwe, au kilipiwe, ni njia fupi.

Yapo mambo mengine ambayo watu huyatafuta ndani ya mkataba wa usiri na hayamo. Mkataba huu hauahidi kwamba kazi itatolewa wala kwamba malipo yatafanyika. Frilansa aliyesaini kisha akakaa miezi mitatu bila kuitwa hana anachodai, na bado amefungwa kwa yale aliyosikia. Vilevile kwa kawaida hauamui nani ana hakimiliki ya mchoro au programu itakayotengenezwa. Hilo huamuliwa na mkataba wa kazi pamoja na sheria ya hakimiliki ya nchi, na sheria hiyo hulinda namna wazo lilivyoandikwa au kuchorwa, si wazo lenyewe. Na ikiwa faili la mteja lina majina, simu na taarifa za afya za watu, kuna wajibu wa ziada ambao mteja hawezi kuusamehe kwa sahihi yake: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kazi za kuonyesha kwa wateja wajao ni eneo la ugomvi wa mara kwa mara. Pakiti ya ukwaju ikiwa dukani, picha yake si siri. Michoro iliyokataliwa, maelekezo ya mteja na takwimu za mauzo bado ni siri. Mikataba mingine inakwenda mbali zaidi na kukataza kutaja kwamba pande mbili zilifanya kazi pamoja. Frilansa anayeanza anaihitaji kazi ile kama ushahidi wa uwezo wake, hivyo aombe mapema sentensi moja: baada ya bidhaa kuzinduliwa, anaruhusiwa kuonyesha toleo la mwisho na kumtaja mteja. Wengi hukubali wakiombwa kabla ya kusaini. Wakiombwa baadaye hawana haraka ya kujibu.

Uvunjaji wenyewe mara nyingi hauna nia mbaya. Mbunifu aliyezidiwa humtumia rafiki faili kwa Wasapu amsaidie sehemu ndogo. Rafiki huyo hakusaini kitu, na mkataba unaoruhusu wasaidizi hudai nao wafungwe kwa masharti yaleyale. Picha hiyo sasa imo kwenye simu mbili, kwenye albamu ya kila simu, na pengine kwenye nakala rudufu za mtandaoni. Kazi ikiisha, mteja anaomba kila kitu kirudishwe au kiharibiwe ndani ya siku 10, na frilansa anathibitisha kwa maandishi kwamba ameharibu, jambo ambalo si kweli. Kinga yake ni ya kawaida kabisa: folda moja kwa kila mteja, isiyounganishwa na albamu ya simu, na hakuna faili la siri linalopita kwenye gumzo. Kifungu cha kuharibu pia kiache nafasi ya kubaki na mkataba, ankara na risiti, kwa kuwa sheria za kodi za Kenya na Tanzania zinataka kumbukumbu za biashara zihifadhiwe kwa miaka 5.

Muda wa wajibu nao uandikwe kwa namba. Miaka 2 hadi 5 ni jambo la kawaida. Mteja anayetaka “milele” anaweza kuwa na haki juu ya siri ya biashara ya kweli, kama ule uwiano wa ukwaju na sukari, ambayo thamani yake haina mwisho mradi haijavuja. Kwa tarehe ya uzinduzi au bei za msimu mmoja hana sababu. Suluhisho linalokubalika ni kugawa: siri za biashara kwa muda zitakaobaki kuwa siri, mengine yote kwa miaka iliyotajwa.

Mkataba wa usiri haufichi uhalifu. Frilansa aliyepewa vitabu vya hesabu avipange kwenye jedwali, akaona ndani yake hongo au ukwepaji wa kodi, haziwi siri kwa sababu amesaini. Nchini Tanzania ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, ambayo huwalinda wanaotoa taarifa kwa mamlaka husika. Kuzimwaga taarifa hizo mtandaoni ni jambo jingine. Anayefanya kazi na wateja wa Marekani atakutana na aya ndefu kuhusu jambo hili, na aya hiyo ina sababu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2016 juu ya siri za biashara humkinga anayemweleza afisa wa serikali au wakili, kwa siri, ili kuripoti kosa la kisheria analolishuku. Mteja asiyeweka taarifa ya kinga hiyo katika mkataba wake hupoteza, chini ya sheria hiyo, haki ya kudai fidia ya ziada na gharama za wakili dhidi ya frilansa huyo. Vilevile amri ya mahakama ikidai waraka utolewe, utatolewa. Mkataba mzuri humtaka frilansa amjulishe mteja kwanza, pale sheria inaporuhusu.

Mwisho ni suala la gharama ya kukosea. Mteja aliyesalitiwa anaweza kuomba zuio la mahakama ili taarifa isiendelee kutumika, na fidia kwa hasara aliyopata. Baadhi ya mikataba huweka kiasi kabisa, tuseme shilingi milioni 50 kwa kila uvunjaji, hata pale ambapo kazi nzima ililipwa laki nane. Chini ya kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, kiasi kilichotajwa namna hiyo ni ukomo wa juu. Mahakama hutoa fidia inayostahili ndani yake. Nafuu hiyo hupatikana mwishoni mwa kesi tu, na kifungu hicho hakitegemewi ikiwa mkataba unasema kwamba sheria inayotumika ni ya jimbo fulani la Marekani au ya Uingereza. Basi kabla ya kusaini, frilansa asome kwanza vifungu vitatu: unaoeleza siri ni nini, unaotaja yasiyo siri, na unaotaja kiasi cha fidia pamoja na nchi ya kushtakiwa. Kimoja kikiwa hakipo au hakieleweki, aombe kirekebishwe kwa barua pepe, na asipokee faili lolote la mteja hadi jibu lifike.